Mshale wa kwenye mchoro na jedwali la sura ya nne: kutofautisha kiunzi cha nadharia na kiunzi cha dhana

Rasimu nyingi za mapendekezo ya utafiti nilizopitia zina mchoro unaofanana. Kushoto kuna masanduku manne au matano ya vigeu huru, kulia kuna sanduku moja la kigeu tegemezi, na chini katikati, kwa mstari wa nukta nukta, kuna sanduku lililoandikwa "sera ya serikali". Swali langu la kwanza kwa mwenye rasimu huwa moja: hili sanduku la sera utalipima kwa swali namba ngapi la hojaji? Mara nyingi jibu halipo. Sanduku limewekwa kwa sababu tasnifu ya mwaka uliopita nayo ililiweka.

Ukirudi nyuma kurasa mbili unakikuta kiunzi cha nadharia. Kuna jina la mwananadharia, mwaka, mihimili ya nadharia, ubora wake na udhaifu wake, kisha sentensi ya kufungia: "Nadharia hii inafaa kwa utafiti huu." Halafu sura ya nne inakuja na majedwali yake, sura ya tano na mapendekezo yake, na ile nadharia haitajwi tena hata mara moja.

Makosa haya mawili yana chanzo kimoja. Mwanafunzi ameambiwa kwamba tasnifu lazima iwe na viunzi viwili, lakini hakuambiwa kila kimoja kinafanya kazi gani wakati wa kuchanganua data. Akikaa na majibu ya wakulima mia mbili mbele yake, hajui amwendee nani.

Kiunzi cha nadharia, ambacho wengine hukiita msingi wa nadharia, ni maelezo ya sababu yaliyokwisha kujengwa na watu wengine na kupimwa mahali pengi. Kinakwambia kwa nini jambo fulani huleta jingine. Hakijui Kongwa wala Kitale, na hakijui hojaji yako. Kiunzi cha dhana ni chako. Ni ramani ya utafiti huu mmoja: vigeu gani umeviokota, kipi unadhani kinaathiri kipi, kupitia wapi, na kila kimoja kitapimwaje. Baadhi ya vilivyomo umevitoa kwenye nadharia, vingine umevipata kwenye tafiti zilizotangulia, na vingine vinatokana na hali halisi ya eneo unalolichunguza. Maelezo haya yanasomeka vizuri, lakini hayamsaidii mtu mpaka ayaone yakifanya kazi. Basi tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho.

Mahindi, dumuzi na mfuko wa tabaka tatu

Tuseme mwanafunzi wa shahada ya umahiri anataka kujua kwa nini baadhi ya wakulima wadogo wa mahindi wilayani Kongwa, Dodoma, wanatumia mifuko isiyopitisha hewa, na wengine hawatumii. Mifuko yenyewe ni ile ya tabaka tatu: nailoni mbili ndani na kiroba cha kawaida nje. Mkulima anajaza mahindi yaliyokauka vizuri, anafunga kila tabaka peke yake kwa kukaza, na wadudu waliobaki ndani, dumuzi akiwamo, wanamaliza hewa ya oksijeni na kufa. Hakuna dawa inayotiwa. Dumuzi aliingia Tanzania akitokea Amerika ya Kati, akaanza kuleta maafa Tabora na mikoa ya jirani kwenye miaka ya mwanzo ya 1980, na mkulima aliyewahi kufungua kihenge akakuta unga mtupu anamjua bila kuelezwa.

Kwa nini basi mtu asitumie mfuko kama huu? Mwanafunzi anachagua nadharia ya usambaaji wa uvumbuzi, aliyoiweka pamoja Everett Rogers mwaka 1962. Ni chaguo linaloeleweka, kwa kuwa mizizi ya nadharia hii imo kwenye mahindi yenyewe. Mwaka 1943 Bryce Ryan na Neal Gross walichapisha utafiti wao kuhusu wakulima wa jimbo la Iowa, Marekani, na mbegu chotara ya mahindi. Kati ya wakulima 259, wote isipokuwa wawili walikuwa wameikubali mbegu hiyo kufikia mwaka 1941, lakini wengi walichukua miaka kadhaa tangu waisikie mpaka waipande. Ule ucheleweshaji ndio uliohitaji kuelezwa.

Rogers anasema kasi ya watu kuupokea uvumbuzi inategemea sana sifa tano za uvumbuzi huo. Ya kwanza ni faida ya ziada ukilinganisha na kile kilichokuwapo. Ya pili ni ulandanifu, yaani namna unavyopatana na mazoea na mahitaji ya watu. Ya tatu ni ugumu wa kuuelewa na kuutumia. Ya nne ni uwezekano wa kuujaribu kidogo kidogo kabla ya kujifunga. Ya tano ni uonekanaji: je, jirani anaweza kuyaona matokeo yake?

Wengi huishia hapa. Wanaziorodhesha sifa tano, wanaandika kwamba nadharia inafaa, wanaendelea. Lakini nadharia imebeba neno moja linaloamua hojaji nzima. Rogers hazungumzii faida kama mtaalamu wa kilimo anavyoihesabu. Anazungumzia faida *kama mkulima mwenyewe anavyoiona*. Sifa zote tano ziko hivyo.

Ona tofauti inayotokea. Mwanafunzi aliyelipita neno hilo ataandika kwenye hojaji, "Mfuko mmoja unauzwa shilingi ngapi dukani?" Atapata namba nzuri, lakini hajapima faida ya Rogers. Amepima bei. Wakulima wawili wa kijiji kimoja wanaonunua kwenye duka moja watajibu namba ileile, ilhali mmoja anauona mfuko kuwa umemwokolea gunia zima na mwingine anauona kuwa gharama isiyorudi. Aliyeisoma nadharia vizuri ataweka sentensi ambazo mkulima anakubaliana nazo au anazikataa kwa ngazi tano: "Nikitumia mfuko huu napoteza mahindi machache kuliko nikitumia dawa ya unga," "Pesa ninayotumia kununua mfuko inarudi." Hii ndiyo kazi ya kwanza ya kiunzi cha nadharia katika uchanganuzi, na inafanyika kabla data haijakusanywa. Ukikosea hapa, hakuna ustadi wa kompyuta utakaorekebisha.

Nadharia inapoishia

Sasa mwanafunzi anaanza kuchora kiunzi cha dhana. Sifa tano za Rogers anaziweka. Lakini akikaa na wakulima wawili watatu, au akisoma tafiti za hifadhi ya nafaka zilizofanyika Afrika Mashariki, atagundua kwamba kuna mambo ambayo sifa zile tano hazina nafasi yake.

Duka la pembejeo linalouza mifuko liko mbali. Mtu anaweza kuupenda mfuko na asiupate. Rogers mwenyewe alikiri kwamba tafiti za usambaaji zina tabia ya kumlaumu mtu binafsi kwa kutopokea uvumbuzi, wakati kikwazo kiko kwenye mfumo unaomzunguka. Kwa hiyo umbali wa duka unaingia, na sababu yake inaandikwa wazi: haukutoka kwenye nadharia, umetoka kwenye tafiti tangulizi na kwenye udhaifu unaojulikana wa nadharia yenyewe.

Afisa ugani amepita kijijini akaonyesha namna ya kufunga. Hilo haliwezi kuwa sanduku tu pembeni ya masanduku mengine, maana mafunzo hayamfanyi mtu anunue mfuko moja kwa moja. Yanamwondolea hofu kwamba kazi yenyewe ni ngumu, na ule ugumu ukipungua ndipo anapoamua. Kwenye mchoro, mshale unatoka kwenye mafunzo, unaingia kwenye ugumu, kisha mshale mwingine unatoka kwenye ugumu kwenda kwenye matumizi.

Halafu kuna kaya inayouza mahindi yote mwezi mmoja baada ya kuvuna kwa sababu ina deni au ada ya shule. Mfuko una faida gani kwake? Anaweza kukubali kabisa kwamba unazuia dumuzi, na asinunue, kwa kuwa dumuzi hatayakuta mahindi nyumbani. Kaya inayoweka mahindi miezi minane iko kwenye hali nyingine. Muda wa kuhifadhi, basi, unaamua kama faida anayoiona mkulima itakuwa na uzito wowote. Kwenye mchoro, mshale wa muda wa kuhifadhi hauendi kwenye sanduku. Unaugonga *mshale mwingine* katikati, ule unaotoka kwenye faida kwenda kwenye matumizi.

Hapa ndipo lile sanduku la nukta nukta linapowapotosha watu wengi. Katika tasnifu zetu limekuwa mahali pa kutupia chochote kinachoonekana kuingilia kati, bila kusema kinaingiliaje. Lakini mafunzo yanayopita kwenye ugumu ni jambo moja, na muda wa kuhifadhi unaobadili nguvu ya faida ni jambo jingine kabisa. La kwanza ni njia: kitu kinapitisha athari. La pili ni sharti: kitu kinaamua athari itakuwa kubwa au ndogo. Ukichora yote mawili kwa mtindo mmoja, ukifika kwenye uchanganuzi hutajua ufanye nini, kwa sababu kila mtindo una hesabu yake.

Na "sera ya serikali" je? Kongwa ni wilaya moja. Sera ya kilimo iliyopo ni ileile kwa wakulima wote mia mbili wa sampuli. Kitu kisichotofautiana kati ya mtu na mtu hakiwezi kueleza kwa nini watu wametofautiana. Hicho si kigeu. Mahali pake ni sura ya kwanza, kwenye usuli, pale unapoeleza mazingira ya utafiti. Kingekuwa kigeu kama ungelinganisha Tanzania na Malawi, au mwaka wa kabla ya sera na mwaka wa baada yake.

Kutoka kwenye mchoro mpaka kwenye hesabu

Mchoro ukiwa umechorwa hivi, mpango wa uchanganuzi unakuwa karibu umejiandika. Matumizi ni ndiyo au hapana, kwa hiyo tunatumia regresheni ya lojistiki. Katika programu ya R, mwanafunzi wetu angeandika:

```
lm(ugumu ~ mafunzo)

glm(atumia ~ faida * miezi + ugumu + ulandanifu +
      jaribio + kuona + mafunzo + umbali,
    family = binomial)
```

Mstari wa kwanza ni ule mshale wa mafunzo kuingia kwenye ugumu. Amri ya pili inabeba mishale yote inayoishia kwenye matumizi, na `mafunzo` yamo humo ili kupima kama kweli hayana njia ya moja kwa moja isiyopita kwenye ugumu. Alama ya nyota kati ya `faida` na `miezi` ndiyo ule mshale unaogonga mshale: inaiambia programu itazame kila kimoja peke yake, na pia zao la viwili hivyo vikizidishwa. Kama zao hilo ni chanya na lina uzito wa kitakwimu, maana yake ni kwamba kadiri kaya inavyohifadhi mahindi muda mrefu zaidi, ndivyo mtazamo wa faida unavyozidi kuvuta matumizi. Asiyeuchora mshale huo hataiweka nyota, na ataandika kwa ujasiri kwamba faida ina athari ya wastani kwa wakulima wote, wakati kwa nusu yao haina kabisa na kwa nusu nyingine ni kubwa.

Ninawaomba wanafunzi wafanye zoezi hili kwa kalamu kabla ya kwenda uwandani. Kwenye kila sanduku waandike namba za maswali ya hojaji yanayolipima. Kwenye kila mshale waandike jedwali litakalouonyesha katika sura ya nne. Sanduku lisilo na swali litolewe, au swali liongezwe. Mshale usio na jedwali ufutwe. Na swali la hojaji ambalo halina sanduku, maana nayo yapo mengi, liulizwe limefuata nini.

Zoezi hilo huonyesha pia kama mchoro umezidi uwezo wa sampuli. Katika regresheni ya lojistiki kuna kanuni ya kukadiria, yenye wabishi wake lakini bado inafaa kuanzia, kwamba kwa kila kigeu unachokiingiza uwe na watu kama kumi katika lile kundi dogo kati ya makundi mawili. Mfano wetu una vigeu vinane na zao moja, jumla tisa. Kama watumiaji wa mifuko katika sampuli ni thelathini tu, kiunzi hiki ni kizito mno kwao, hata kama hojaji zilizojazwa ni mia mbili. Hapo nadharia inarudi kusaidia: ndiyo inayokwambia ukipunguza, ni kipi cha kubakiza.

Matokeo yanapokataa

Kazi ngumu ya kiunzi cha nadharia inakuja mwishoni, kwenye mjadala wa matokeo, hasa pale namba zinapotoka tofauti na ulivyotarajia. Tuseme uonekanaji hauna athari yoyote. Rogers anasema jambo linaloonekana na majirani hupokelewa upesi, na hapa halionyeshi kitu. Mwanafunzi asiye na nadharia mkononi ataandika: "Matokeo yanaonyesha kuwa uonekanaji hauna athari kwa matumizi ya mifuko," kisha atapendekeza serikali iongeze elimu.

Aliye na nadharia atauliza nadharia inatarajia nini kwa uvumbuzi wa aina hii. Mbegu mpya iko shambani, kila mpita njia anaiona. Mahindi yaliyohifadhiwa yako ndani ya nyumba, tena watu wengi hawapendi kuonyesha wana magunia mangapi. Kwa hiyo huenda karibu wakulima wote wamejibu kwamba hawajaona mfuko wa jirani ukifunguliwa. Atarudi kwenye data kutazama mtawanyiko wa majibu. Akikuta wengi mno wako kwenye ngazi moja, atajua kwamba uonekanaji haukupewa nafasi ya kujionyesha, na kwamba matokeo hayo hayaipingi nadharia. Yanasema mfuko huu una uonekanaji hafifu kwa asili yake. Na pendekezo linabadilika papo hapo. Wasambazaji wa mifuko hii katika nchi kadhaa za Afrika walikuwa na desturi ya kujaza mfuko hadharani, kuuacha miezi kadhaa, kisha kukusanya kijiji siku ya kuufungua. Sasa mwanafunzi ana sababu ya kulipendekeza jambo hilo hasa, inayotoka kwenye data yake ikisomwa kwa nadharia yake.

Kuna upande mwingine ambao lazima usemwe kwa uaminifu. Tuseme ugumu umetoka na athari kubwa hasi: wanaouona mfuko kuwa mgumu hawautumii. Mchoro una mshale kutoka kwenye ugumu kwenda kwenye matumizi, lakini hojaji imejazwa siku moja. Inawezekana kabisa watumiaji wanauona mfuko rahisi *kwa sababu* wameshautumia misimu miwili. Mshale uliuchora wewe kwa kuifuata nadharia. Data iliyokusanywa mara moja haiwezi kuthibitisha uelekeo wake, na tafiti za usambaaji zimeandamwa na tatizo hili tangu zamani, kwa kuwa kwa kawaida watu huulizwa mitazamo yao baada ya kuwa wameshaamua. Mwanafunzi wetu anaweza kupunguza shaka kwa kuwatenga wale wenye msimu wao wa kwanza na kuwatazama peke yao, au kwa kuwahoji wachache walionunua mwaka huu wasimulie walivyouona mfuko kabla ya kuununua. Lakini katika sura ya tano neno lake liwe "unahusiana na", na aeleze kwa nini hakuandika "unasababisha".

Wanaofanya tasnifu za maelezo, zenye mahojiano badala ya namba, wanavitumia viunzi hivi kwa mpangilio mwingine. Sifa tano za Rogers zingekuwa vikapu vya mwanzo vya kuainishia kauli za wakulima, na kikapu cha sita kingeachwa wazi kwa kauli zisizoingia popote. Mkulima akisema, "Mume wangu ndiye anayeshika pesa ya mahindi, mimi mfuko naununua kwa nini?" kauli hiyo haina kikapu kwa Rogers. Kauli kama hizo zikirundikana, zinazaa sanduku jipya, na kiunzi cha dhana kinaweza kuchorwa mwishoni kama tunda la utafiti. Na anayechambua riwaya au sintaksia kwa kawaida hahitaji masanduku na mishale kabisa. Nadharia yake inamtosha, ilimradi kila mhimili alioutaja katika sura ya pili ameutumia kusoma matini katika sura ya nne.

Kwa mwanafunzi wa Kongwa, kipimo ninachokitumia nikisoma rasimu ya mwisho ni kufunika jina la nadharia katika sura ya pili kwa karatasi, kisha kusoma mjadala wa matokeo. Kama naweza kutambua kutokana na mjadala peke yake kwamba huyu alikuwa akimfuata Rogers, kwa namna anavyosema "kama mkulima anavyoiona", kwa namna anavyoeleza kwa nini mfuko wa ndani ya nyumba hauenei kama mbegu ya shambani, basi nadharia imefanya kazi. Baada ya hapo nafungua ukurasa wenye mchoro, naweka kidole kwenye kila mshale, na kwa mkono wa pili natafuta jedwali lake.